Rangi za kibao na mbele ya duka: kwa nini nyingine huonekana na nyingine hupotea

Mtu anayefungua duka dogo hupanga fedha zake kwa pango, shelfu na mzigo wa kwanza. Rangi huja mwisho. Fundi huulizwa ana rangi gani, mwenye duka huchagua anayoipenda, na siku ya pili kibao kinapanda juu. Miezi michache baadaye anaanza kusikia maneno yale yale kutoka kwa wateja: "Kumbe hapa panauzwa nafaka? Mimi napita kila siku."

Mara nyingi kasoro haiko kwenye ukubwa wa kibao wala kwenye mkono wa fundi. Iko kwenye rangi zilizowekwa pamoja, na kwenye rangi za majirani ambazo hakuna aliyezitazama. Katika makala hii tunaeleza jinsi jicho la mpita njia linavyofanya kazi, kwa nini rangi mbili kali zinaweza kufutana, jua linazifanyia nini, na mwisho tunachukua duka moja la mfano na kulipangia rangi hatua kwa hatua, pamoja na kiasi cha rangi cha kununua.

Jicho husoma mwanga kabla ya rangi

Wengi wetu tunafikiri rangi inaonekana kwa sababu ni kali. Nyekundu ni kali, bluu ni kali, basi maandishi mekundu juu ya bluu yatavuta macho mara mbili. Ukisimama hatua arobaini kutoka kwenye kibao cha namna hiyo utaona kinyume chake. Herufi zinatetemeka, kingo zake hazieleweki, na ukisogea mbali kidogo zinameza ubao mzima na kuwa doa moja.

Sababu ni kwamba macho yetu hutambua umbo la herufi kwa tofauti ya weupe na weusi, si kwa tofauti ya jina la rangi. Kila rangi hurudisha sehemu fulani ya mwanga unaoipiga. Rangi nyeupe safi hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga. Manjano angavu hurudisha karibu 65. Nyekundu kali, ingawa inaonekana kama inawaka, hurudisha karibu 13 tu. Bluu nzito hurudisha karibu 7, na nyeusi karibu 5. Namba hizi hubadilika kidogo kutoka kopo moja hadi jingine, lakini mpangilio wake ni huo huo.

Sasa fanya hesabu ya kutoa. Nyekundu juu ya bluu nzito: 13 kutoa 7, pengo ni 6. Kwa jicho lililo mbali, hizo ni karibu rangi moja. Nyekundu juu ya kijani cha majani nayo ni hivyo hivyo, na hapo kuna shida ya ziada, kwa sababu wapo watu, hasa wanaume, waliozaliwa wakiwa hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Manjano juu ya nyeupe: 80 kutoa 65, pengo ni 15. Hiyo nayo hupotea, na juani hupotea kabisa. Lakini manjano juu ya nyeusi pengo ni 60, na nyeupe juu ya bluu nzito ni zaidi ya 70. Hapo herufi inasimama.

Si ajabu basi kwamba namba za magari binafsi nchini Tanzania ni nyeusi juu ya manjano, na kwamba Kenya nayo hutumia manjano na nyeusi kwa bamba la nyuma. Waliochagua walitaka askari aisome namba gari likiwa linakimbia.

Kwa kibao cha duka, tunashauri pengo lisipungue 50. Huna haja ya kupima kwa mashine. Kuna njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kukunja macho mpaka uone ukungu. Herufi zikibaki, zimefaulu. Ya pili ni kupiga picha kwa simu na kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Picha ile inaondoa majina ya rangi na kukuachia mwanga pekee. Kama maandishi yamekuwa kijivu juu ya kijivu, mpita njia naye anaona hivyo hivyo, hata kama yeye mwenyewe hajui kwa nini hakukiona kibao.

Rangi ya jioni si rangi ya mchana

Maduka mengi ya mtaani huuza zaidi jioni, watu wanaporudi kutoka kazini. Huo ndio wakati ambao rangi hubadilika.

Mwanga unapopungua, macho yetu huhamisha kazi kutoka kwenye chembe zinazoona rangi kwenda kwenye chembe zinazoona gizani. Chembe hizi za pili hazina nguvu kwa rangi nyekundu. Ndiyo maana kanga nyekundu iliyokuwa inang'aa saa 9 mchana huonekana karibu nyeusi saa 12 na nusu jioni, wakati kitambaa cha bluu kilicho kando yake kinaonekana kama kimepata weupe. Kibao chenye maandishi mekundu juu ya nyeusi, ambacho tayari kilikuwa na pengo dogo mchana, jioni kinakuwa ubao mweusi.

Nyekundu juu ya nyeupe haina tatizo hilo. Jioni herufi zinageuka nyeusi juu ya nyeupe, na bado zinasomeka. Kwa hiyo si kwamba nyekundu haifai. Inafaa ikiwa upande wa giza wa jozi, yaani ikiwa juu ya rangi nyepesi. Haifai ikiwekwa upande wa mwanga.

Taa nayo ina lake. Taa nyeupe iliyofungwa juu ya kibao na kuelekezwa chini huonyesha rangi karibu kama zilivyo mchana. Taa yenye mwanga wa manjano huifanya rangi nyeupe na manjano zifanane zaidi, na bluu iwe nzito zaidi. Kabla ya kukubali rangi, itazame chini ya taa utakayotumia kweli.

Mtaa una rangi zake tayari

Kibao hakisimami peke yake. Kinasimama katikati ya vibao vingine, na jicho huvutwa na kile kisichofanana na jirani zake. Mwaka 1933 mwanasaikolojia wa Kijerumani Hedwig von Restorff alionyesha kwamba kitu kilicho tofauti ndani ya safu ya vitu vinavyofanana ndicho kinachokumbukwa zaidi. Mtaani jambo hilo halihitaji maabara. Abiria wa Dar es Salaam hutambua daladala lake kwa mstari wa rangi ubavuni kabla hajasoma jina la kituo.

Tembea basi mtaani kwako, hatua mia moja kila upande, na uandike rangi za kila mbele ya duka. Katika miji mingi ya Tanzania utakuta nyekundu nyingi, kwa sababu ni rangi ya kampuni kubwa za simu na ya soda. Kenya utakutana na kijani cha Safaricom kila kona. Ukipaka duka lako nyekundu katikati ya nyekundu sita, hata kama kazi ya fundi ni safi, mpita njia ataliona kama duka la saba la kuuza vocha.

Kuna pia rangi zinazosema neno lako kabla hujalisema. Kijani na manjano kwa pamoja, nchini Tanzania, ni rangi za Yanga na pia za CCM. Nyekundu na nyeupe ni za Simba. Mwenye kinyozi au kibanda cha kahawa anaweza kuzitaka makusudi, lakini mwenye duka la vipuri anayezipaka bila kuwaza atashangaa watu wakidhani ni tawi. Kwa wenye maduka ya dawa kuna onyo jingine: msalaba mwekundu juu ya nyeupe si alama ya dawa. Ni alama inayolindwa na Mikataba ya Geneva kwa ajili ya huduma za afya za majeshi na Harakati ya Msalaba Mwekundu. Tumia msalaba wa kijani. Na mahali popote barabarani, usiruhusu mapambo yanayofanana na alama ya X nyekundu ukutani. Watu wetu wanaijua maana yake, na hakuna anayetaka kukopesha au kuagiza bidhaa kwenye duka linalosubiri kubomolewa.

Hapo ndipo linapokuja suala la kupakiwa rangi bure. Kampuni za simu na vinywaji hupaka mbele ya maduka kwa rangi zao, na kwa mwenye mtaji mdogo huo ni msaada wa kweli. Lakini anachotangaza ukuta ni kampuni, si biashara yako. Kama unauza nafaka, nguo au vipuri, bei ya ile rangi ya bure ni kwamba anayepita haoni unauza nini. Kabla ya kukubali, omba jambo moja: kibao cha juu chenye jina la kazi yako kibaki mikononi mwako, kwa rangi zako. Ukuta uwe wao, kibao kiwe chako. Na kama kibao nacho ni cha kampuni, dai neno la kazi yako liwe kubwa kuliko jina la kampuni.

Jua, vumbi na ukuta mbichi

Rangi ya siku ya kwanza si rangi utakayokuwa nayo baada ya mwaka. Jua la ukanda wetu lina nguvu, na halizichomi rangi zote sawasawa.

Nyekundu kali, waridi na zambarau ndizo hupauka mapema, na zikichanganywa na nyeupe ili ziwe nyepesi hupauka mapema zaidi. Zinazodumu ni zile zinazotokana na oksidi ya chuma, yaani kutu, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayoipa ardhi yetu wekundu: kahawia, manjano ya udongo, na ile tunayoiita damu ya mzee. Nyeusi na nyeupe nazo hudumu, ingawa nyeupe ya bei rahisi huanza kutoa unga ukiipitisha kidole. Bluu nzito hustahimili kuliko nyekundu. Mabango ya plastiki yaliyochapishwa kwa mashine yanafuata njia yao: wino mwekundu na wa manjano huondoka kwanza, na ndiyo maana picha za zamani za kuku na chipsi barabarani zote zina rangi ya bluu iliyokufa. Kama utachapisha badala ya kupaka, weka neno muhimu kwa nyeusi au bluu nzito, ili picha ikipauka neno libaki.

Upande ambao duka linatazama una uzito. Ukuta unaotazama mashariki au magharibi hupigwa na jua la chini moja kwa moja kwa saa kadhaa kila siku. Jua hilo pia huleta mng'ao. Kibao kilichopakwa rangi ya mafuta inayong'aa, kikitazama magharibi, saa 11 jioni hugeuka kioo na hakuna herufi inayoonekana. Dawa ni mbili: tumia rangi ya mafuta isiyong'aa sana kwa ubao, na ufunge kibao kikiwa kimeinama kidogo, ukingo wa juu ukiwa mbele ya ule wa chini, ili mng'ao uangukie chini na si machoni mwa watu.

Vumbi na matope navyo ni rangi. Barabara ya udongo mwekundu itapaka sehemu ya chini ya ukuta wako bila kukuuliza, na mvua ya kwanza itarusha matone yake mpaka usawa wa goti na zaidi. Ukuta mweupe mpaka chini utaonekana mchafu baada ya wiki mbili. Mkanda wa chini wenye rangi ya udongo wenyewe hauonyeshi doa.

Ukuta uliopigwa lipu karibuni usipakwe rangi ya mafuta mapema. Saruji mbichi ina chumvi kali inayoivunja rangi hiyo, nayo huanza kunata, kubadilika rangi na kubanduka kama ganda. Subiri takriban siku 28 ukuta ukauke. Na kama unakwangua rangi ya zamani, hasa manjano, chungwa au nyekundu ya mafuta, lowesha ukuta kabla ya kupiga msasa na uwaondoe watoto. Rangi hizo kwa miaka mingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi sehemu 90 kwa milioni. Unaponunua kopo jipya la rangi angavu, soma kama limeandikwa kuwa halina risasi.

Herufi ngapi, za ukubwa gani

Rangi nzuri haiokoi herufi ndogo. Kanuni inayotumiwa na wachora mabango ni kwamba kila sentimita 2.5 za urefu wa herufi zinasomeka kwa raha kutoka mita 3. Inawezekana kusoma kutoka mbali zaidi ya hapo, lakini kwa kukaza macho, na mpita njia hakazi macho kwa ajili ya duka asilolijua.

Jiulize nani anapita. Anayetembea upande wako wa barabara atakisoma kibao kutoka mita 10 au 12. Abiria wa bodaboda inayokwenda kilomita 40 kwa saa anapita karibu mita 11 kila sekunde. Ukitaka apate sekunde 3 za kuona, kusoma na kumgusa dereva bega, lazima neno lisomeke kutoka mita 33 hivi. Kwa hesabu yetu hiyo ni herufi ya sentimita 25 na zaidi kidogo. Neno la namna hiyo ni moja tu, na liwe neno la bidhaa. Jina la mwenye duka, namba ya simu na "Mungu ni mwema" vina nafasi yake, lakini ni chini, kwa yule aliyekwisha kusimama.

Kumbuka pia kwamba herufi nyepesi juu ya rangi nzito huonekana nene kuliko zilivyo, kwa sababu mwanga wake hufurika kwenye kingo. Kwa hiyo mwambie fundi asizinenepeshe. Kwa herufi ya sentimita 25, mstari wa sentimita 4 unatosha. Ukizidi hapo, matundu ya A na R hujifunga na neno linakuwa kipande kimoja cheupe. Herufi zenye mikia na vivuli vya rangi ya tatu zinapendeza ukiwa mlangoni, lakini kutoka mbali kila kivuli kinapunguza lile pengo la mwanga tulilolihesabu.

Mfano: duka la nafaka kando ya barabara ya vumbi

Tuchukue duka moja la kufikirika. Linauza unga, mchele na maharage. Linatazama magharibi, kwenye barabara ya udongo mwekundu. Kushoto kuna wakala wa fedha za simu aliyepakwa nyekundu, kulia kuna duka la vinywaji lenye ukuta wa bluu. Mbele ya duka ina upana wa mita 4 na urefu wa mita 2.8. Mlango ni wa chuma, upana sentimita 90 na urefu mita 2.1. Dirisha ni mita 1.2 kwa 1.

Kwanza tunaondoa rangi zisizofaa. Nyekundu na bluu zimechukuliwa na majirani. Nyeupe itashindwa na vumbi. Kijani na manjano angavu vitasoma kama klabu au chama. Kinachobaki na kinachotofautiana na pande zote mbili ni familia ya manjano ya udongo, ile iliyotulia kama bizari iliyotiwa maziwa. Ni nyepesi kuliko nyekundu na bluu zilizo kando, kwa hiyo duka litaonekana kama dirisha lenye mwanga kati ya kuta mbili nzito. Haitapauka haraka kwa jua la jioni. Na inakwenda na bidhaa, maana mahindi na maharage yana rangi hiyo hiyo.

Mkanda wa chini, sentimita 60 kutoka ardhini, tunaupaka damu ya mzee ya mafuta. Matope hayataonekana, na rangi ya mafuta inafutika kwa kitambaa. Kibao nacho tunakipaka damu ya mzee ile ile, ili kisimame mbele ya ukuta mwepesi, na ili tununue kopo moja badala ya mawili. Neno kubwa tunaliandika kwa nyeupe: 80 kutoa takriban 8, pengo ni zaidi ya 70. Mstari wa pili tunauandika kwa manjano nyepesi, pengo lake bado linazidi 50. Rangi zote za duka ni tatu: manjano, damu ya mzee na nyeupe. Hatuongezi ya nne.

Kibao ni bati bapa la mita 2.4 kwa sentimita 60. Juu tunaacha sentimita 8, kisha neno NAFAKA kwa herufi za sentimita 25, kisha nafasi ya sentimita 9, kisha UNGA, MCHELE, MAHARAGE kwa herufi za sentimita 10, na chini sentimita 8. Jumla ni 60. Kwa upana, NAFAKA lina herufi 6. Kila moja ikiwa na upana wa sentimita 19 na mianya ya 5, neno linachukua sentimita 139, na linabakiza nafasi tupu ya nusu mita kila upande. Usiruhusu nafasi hiyo ijazwe picha ya gunia. Utupu huo ndio unaolitoa neno nje.

Sasa kiasi cha rangi. Mbele yote ni mita za mraba 11.2. Tukitoa mlango 1.9 na dirisha 1.2, zinabaki 8.1. Mkanda wa chini, bila mlango, ni kama 1.9. Ukuta wa manjano ni 6.2, na mikono miwili ni 12.4. Lita moja ya rangi ya maji kwenye lipu isiyo laini sana hupaka kama mita 8 kwa mkono mmoja, kwa hiyo tunahitaji lita moja na nusu hivi. Galoni ya lita 4 inabakiza akiba ya marekebisho. Damu ya mzee: mkanda mikono miwili ni 3.8, kibao mikono miwili ni karibu 2.9, jumla 6.7. Kopo la lita 1 linatosha. Nyeupe na manjano ya herufi ni kopo dogo dogo tu. Bati lisisahauliwe praima kabla ya rangi, maana bila hiyo kutu itachungulia kwenye kingo na kwenye matundu ya misumari.

Kabla ya kupaka ukuta wote, fundi apake kipande cha bati au ubao wa nusu mita kwa rangi zote tatu, pamoja na herufi moja ya sentimita 25. Kiegemeze pale kibao kitakapokaa. Kitazame saa 7 mchana, saa 11 jioni jua likiwa usoni mwake, saa 12 na nusu giza likiingia, na baadaye chini ya taa. Tazama kutoka upande wa pili wa barabara, na kutoka mahali bodaboda zinapotokea. Mwite mtu asiyejua kilichoandikwa umwulize. Makosa yakionekana hapo, gharama yake ni kikombe cha rangi. Yakionekana baadaye, gharama yake ni ukuta.

Kabla kibao hakijapanda, pita ofisi ya halmashauri, au ya kaunti kwa walioko Kenya, uulize kibali na ada. Mara nyingi ada hufuata ukubwa wa bango, na wakati mwingine kupunguza sentimita chache za ubao mtupu kunapunguza malipo bila kugusa herufi.

Utajuaje kwamba kibao kimechoka

Hakuna tarehe maalumu ya kupaka upya. Piga picha kibao kikiwa kipya, ukiwa umesimama mahali unapopakumbuka, na uitunze kwenye simu. Kila baada ya masika simama pale pale, saa ile ile, upige nyingine, uzigeuze zote mbili ziwe nyeusi na nyeupe na kuziweka pamoja. Mara nyingi kinachohitajika ni kufuta vumbi kwa maji na sabuni, kwa sababu vumbi hutia giza herufi nyepesi na kuupa weupe ubao mzito, nalo pengo linapungua pande zote mbili. Kama baada ya kuosha pengo bado limepungua, rudia herufi tu. Ubao wa damu ya mzee unaweza kungoja.

Tembea pia tena zile hatua mia moja za mtaani. Rangi yako inaweza kuwa vile vile ulivyoiacha, kumbe jirani mpya amepaka manjano kama yako. Ukuta unaweza kubaki. Badilisha kibao, kwa mfano nyeusi badala ya damu ya mzee, na uache herufi nyeupe mahali pake. Pengo la mwanga litaongezeka kidogo, na wateja waliozoea kusema "lile duka la manjano" watakuwa na neno la kuongeza: lenye kibao cheusi.